Barua yangu ya malalamiko imepigiwa hesabu ya mabati mgongoni

Mama Posho wa Luanda

Nimeshuka matatu sasa hivi, hata viatu sijavua. Leo sitaki pole. Leo nataka mnisikilize.

Yule jamaa wetu wa Kisumu, na msijifanye hamumjui, yule wa kalamu juu ya sikio, yule ambaye kila kitu chake "iko njiani". Nilimwagiza mota ya posho mili. Shilingi 78,000. Nikatuma 50,000 siku hiyo hiyo, tukakubaliana mzigo ufike Alhamisi tarehe 6. Kisumu na Luanda! Mtoto akipiga chafya Kisumu sisi huku tunamwambia afya. Mota imefika Jumatatu tarehe 17. Kobe angetoka Kisumu, apitie Maseno amsalimie shangazi, ale chakula cha mchana, na bado angenifikia kabla ya hiyo mota.

Siku hizo zote kinu kimenyamaza kama kaburi. Wateja wangu wakipita na mahindi kichwani wakienda kwa yule wa ng'ambo ya barabara, na wananipungia mkono! Wananipungia mkono na debe likiwa kichwani!

Basi nikasema mimi si mtu wa matusi. Nikaandika barua rasmi. Kurasa mbili. Anwani juu, tarehe, KUH: KUCHELEWESHWA KWA MOTA NA OMBI LA FIDIA, imepigiwa mstari kwa rula. Nikaeleza tangu mota ya zamani ilipoanza kutoa moshi. Nikadai 250,000. Leo asubuhi nikampelekea mkononi.

Akaisoma mistari miwili. Mteja akaingia akauliza mabati. Jamaa akatoa kalamu sikioni, akageuza BARUA YANGU, akapiga hesabu ya mabati mgongoni mwake. Mbele yangu. Mabati 32, misumari ya mabati kilo 4, usafiri. Akajumlisha. Akapigia mstari. Kwa rula YANGU, nilikuwa nimeiacha mezani!

Nikaipokonya nikatoka.

Jirani Mkorofi

Mistari miwili amejitahidi. Mimi uzi wako tu nimeruka aya moja.

Omwana wa Maseno

250,000 kwa mota ya 78,000? Mama, hiyo si fidia, hiyo ni mahari. Hebu tuchambulie.

Mama Posho wa Luanda

Hasara ya kinu 90,000. Wateja waliohamia ng'ambo 60,000. Kudharauliwa 50,000. Presha 50,000. Nimepanda presha kweli, si mchezo.

Jirani Mkorofi

Kudharauliwa na presha bei moja. Duka lako lina usawa.

Sheria Mkononi

Acheni kumcheka. Sheria iko wazi. Mzigo ukichelewa hata siku moja mkataba umekufa. Mrudishie mota yake, akurudishie pesa zote, na umtoze asilimia 10 kwa kila wiki ya kuchelewa. Amekwisha huyo.

Dereva wa Pikapu

Hiyo mota ni ya fezi ngapi? Kama ni fezi tatu na stima ya kwako ni fezi moja haitanguruma, usilaumu mwenye duka.

Mama Posho wa Luanda

Mota inanguruma! Shida si mota! Shida ni MABATI MGONGONI MWA BARUA!

Karani Mstaafu

Mama Posho, shikamoo ya hasira ipokee, sasa tuongee. Nilikaa ofisi ya ununuzi ya shule ya bweni miaka 14, barua za namna hii nimeandika hadi kidole kikaota sugu. Kwanza nikujibie Sheria Mkononi: umeshika nusu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, haisemi kila tarehe ni kufa na kupona. Inategemea mlikubaliana nini. Na huyu mama mota ameipokea, ameifunga, inasaga. Kurudisha kumeshapita. Kilichobaki ni kudai hasara. Hiyo asilimia 10 nayo ingekuwa imeandikwa kwenye oda kabla, hauibuni baada ya ugomvi.

Mama, nijibu matatu. Kabla hujatuma pesa, ulimwambia kinu kimesimama? Mzigo ulipofika ulitia sahihi nini? Na kwa siku unasaga gorogoro ngapi?

Mama Posho wa Luanda

Nilimtumia ujumbe wa sauti WhatsApp siku mbili kabla ya kutuma pesa. Nilisema "kinu kimekufa, watu wanasagia kwa jirani, naitegemea hii mota Alhamisi." Akaandika "sawa mama, iko njiani". Pesa sijatuma, iko njiani!

Sahihi nilitia. Dereva wake alikataa kushusha mota mpaka nimalize 28,000 zilizobaki na nitie sahihi "imepokelewa vyema". Pale pa tarehe palikuwa patupu.

Gorogoro 160 hivi kwa siku, shilingi 10 kila moja. Lakini mnaona nilivyosema, alitumia rula yangu?

Karani Mstaafu

Rula tumeiona. Ujumbe wa sauti ndio dhahabu yako, na ndio ulipaswa kuwa aya ya kwanza badala ya moshi wa mota ya zamani. Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1854 ambayo mawakili wetu bado wanaitaja, na nitakushangaza: ilikuwa ya kinu. Kinu cha Gloucester, mhimili wa injini ulivunjika, msafirishaji akachelewa kuufikisha kwa watengenezaji, kinu kikalala siku kadhaa. Mwenye kinu akadai faida aliyokosa, akanyimwa. Korti iliona msafirishaji hakuwa na njia ya kujua kwamba bila ule mhimili kinu kizima kimekufa. Huenda walikuwa na mwingine wa akiba. Wewe wako alijua, ulimwambia kwa mdomo wako, na akajibu. Hapo umempita yule Mwingereza.

Ile sahihi inakuumiza kidogo, si sana. "Vyema" maana yake mota haikuvunjika, haimaanishi ilifika kwa wakati. Siku nyingine jaza tarehe na saa mwenyewe kwenye nakala zote mbili, uandike "imefika kwa kuchelewa" kabla ya jina lako. Dereva atanuna. Mwache anune.

Sheria Mkononi

Sauti za simu korti haizitambui lakini.

Karani Mstaafu

Inazitambua, mradi uambatanishe cheti kinachoeleza zilivyotolewa kwenye simu, na simu yenyewe usiifute kitu. Asiyejua hilo ndiye hukataliwa, halafu anakuja kijiweni kusema sauti hazitambuliwi.

Sasa hesabu. Unafunga Jumapili?

Mama Posho wa Luanda

Nafunga. Na siku moja fundi alikuwa anafunga mota.

Karani Mstaafu

Basi usiandike siku 11. Mota ingefika Alhamisi, fundi angeifunga Ijumaa, ungesaga Jumamosi tarehe 8. Umeanza kusaga Jumatano tarehe 19. Toa Jumapili mbili, zinabaki siku 9 za kazi. Gorogoro 160 kwa shilingi 10 ni 1,600. Lakini kinu kikilala hakili stima. Stima ya siku ni ngapi?

Mama Posho wa Luanda

Kama 550. Na kijana wa kinu nimemlipa 300 kila siku akiwa amekaa tu anacheza drafti. Niongeze hiyo?

Karani Mstaafu

Usiongeze. Kijana ungemlipa hata kinu kikisaga, na mshahara wake ungetoka ndani ya hizo 1,600. Ukimweka tena unadai mara mbili, na hapo ndipo mtu huacha kukuamini hata kwenye yaliyo kweli. Unatoa tu kile ambacho hukukitumia, yaani stima. Inabaki 1,050 kwa siku. Mara 9 ni 9,450. Nauli ya kufuatilia?

Mama Posho wa Luanda

Mara tatu, 300 kwenda na kurudi.

Karani Mstaafu

900. Jumla 10,350.

Omwana wa Maseno

Kutoka 250,000 hadi 10,350. Mama Posho usipande matatu leo tena, tafadhali kaa chini.

Mama Posho wa Luanda

10,350?? Na presha yangu?

Karani Mstaafu

Presha usiiandike. Jiandae badala yake kwa swali moja ambalo lazima atakuuliza: kwa nini hukukodi injini ya dizeli siku hizo? Sheria inakutaka upunguze hasara yako, si uikalie ikue.

Mama Posho wa Luanda

Ningekodi vipi na kila asubuhi ananiambia iko njiani?

Karani Mstaafu

Hilo jibu ni zuri kuliko kurasa zako mbili. Liandike hivyo hivyo, na tarehe za kila "iko njiani". Barua iwe ukurasa mmoja: mlikubaliana nini na lini, alijua nini, mzigo ulifika lini, hesabu hii yenye mistari mitano, na siku 14 za kukulipa. Usimtishe na jela. Mwambie tu asipolipa utaenda Mahakama ya Madai Madogo. Inachukua madai yasiyozidi milioni 1 na unaweza kwenda bila wakili. Kwa sheria iamue ndani ya siku 60.

Sheria Mkononi

Siku 60 za kalenda gani? Binamu yangu alikwenda huko na meno, saa hii anatafuna kwa fizi.

Mama Sare Nakuru

Nyinyi mnalia na mota. Mimi mwenye sweta za shule 300 zilizofika Nakuru wiki ya tatu ya muhula niseme nini? Na zilifika kijani. Shule ni ya maruni! Nikapiga simu, nikaambiwa "mama, rangi itazoeleka".

Jirani Mkorofi

Rangi itazoeleka! Huyo ni ndugu yake wa "iko njiani", tumbo moja.

Dereva wa Pikapu

Sisi madereva nasi mtuonee huruma. Tunapakiwa mizigo ya watu saba, halafu tunaambiwa wote ni wa kwanza.

Karani Mstaafu

Mama Posho, kabla sijasahau. Ile karatasi yenye mabati unayo bado?

Mama Posho wa Luanda

Iko hapa kwenye mkoba. Nilikuwa naiwashia jiko jioni.

Karani Mstaafu

USIWASHE! Angeweza kesho kusema hajawahi kuona barua yoyote. Hiyo ina mwandiko wake mgongoni. Aliandika tarehe?

Mama Posho wa Luanda

Ngoja.

Ameandika tarehe ya leo. Na amegonga muhuri wa duka, eti ili mteja apewe bei hiyo hiyo akirudi.

Jirani Mkorofi

Amejipokelea barua mwenyewe na muhuri juu! Wueh!

Mama Sare Nakuru

Na mimi sweta zangu nifanyeje? Niandike barua ya kijani?

Omwana wa Maseno

Mama Posho, samahani kidogo. Hapo mgongoni bati moja ameandika ngapi? Naezeka Desemba.

Mama Posho wa Luanda

Omwana wewe!

Geji 30, 980.

Dereva wa Pikapu

Hiyo ni bei nzuri. Na usafiri ameweka ngapi?