Pampu zinazokufa zinapungua kila kipindi, bosi anataka tubadilishe zote zikifika saa 3000. Tufanyeje?

Mzungusho
Wakuu habari zenu. Nasimamia pampu 200 za aina moja, zilizowashwa siku moja. Ikifa moja tunaiondoa kabisa kwenye hesabu, haturudishi. Nimezigawa kwa vipindi vya saa 1000, na waliokufa ni hawa:

Kipindi cha kwanza 40
Cha pili 32
Cha tatu 26
Cha nne 20
Cha tano 16

Zilizobaki hai ni 66. Bosi anasema mashine ikizeeka ni hatari, kwa hiyo ikifika saa 3000 itolewe iwekwe mpya. Mimi naona kinyume: idadi inashuka, maana yake zilizokaa muda mrefu ndizo imara, tuziache. Nani yuko sahihi?

Kisu_Butu
Rahisi tu mkuu. Chukua umri wa kila pampu iliyokufa, tafuta wastani, badilisha kabla ya hapo. Kwa haraka haraka naona wastani unakuja kama saa 2050. Kwa hiyo hata 3000 ya bosi wako ni kuchelewa.

Bi_Hesabu
Kisu, hesabu yako ya kujumlisha ni safi, ila umewahesabu marehemu peke yao. Pampu 66 zimeshatembea saa 5000 kila moja na bado zinazunguka, nazo umezitupa nje. Jumlisha saa zote zilizotembea, za waliokufa na za walio hai: ni kama saa 605,000. Gawa kwa vifo 134, unapata takriban saa 4500 kwa kila kifo. Wastani wako wa 2050 ungepanda wenyewe kadiri unavyozidi kusubiri, bila pampu yoyote kubadilika tabia.

Sasa Mzungusho. Usiangalie wamekufa wangapi, angalia wamekufa wangapi kati ya waliokuwepo kipindi kinaanza. Cha kwanza 40 kati ya 200, asilimia 20. Cha pili 32 kati ya 160, asilimia 20. Cha tatu 26 kati ya 128, cha nne 20 kati ya 102, cha tano 16 kati ya 82: zote zinacheza pale pale kwenye 20. Idadi inashuka kwa sababu wa kufa wamepungua, basi. Hiyo asilimia ndiyo kasi ya hatari, na yako ni bapa.

Ikiwa bapa, pampu yenye saa 4000 na pampu mpya zina nafasi ileile ya kufa ndani ya saa 1000 zijazo. Kwa namba hizi bosi atakuwa anatoa pampu nzima na kuweka nyingine isiyo bora kuliko ile aliyoitoa. Na wewe pia hoja yako ya "zilizokaa ni imara" haisimami, maana ingekuwa kweli asilimia ingeshuka.

Kisu_Butu
Sawa, hapo kwa 66 nimekuelewa. Lakini kama wastani ni 4500, basi nusu zinakufa kabla ya 4500 na nusu baada. Bado kuna mahali pa kukata.

Bi_Hesabu
Nusu ilishakwisha mapema zaidi. Angalia: baada ya saa 3000 zilibaki 102 kati ya 200. Kasi ikiwa bapa, kufikia ule umri wa wastani karibu asilimia 63 huwa wameshaondoka, na wachache wanaodumu sana ndio wanaouvuta wastani juu. Hakuna umri wa kukata hapo, labda ubadilishe saa 1 kabla ya kifo, na saa hiyo haijulikani.

Dereva_Mstaafu
Mimi sijui asilimia zenu, ila jenereta langu halijawahi kuniangusha likiwa limechoka. Linaniangusha wiki ileile limetoka sevisi. Mara bolti haikukazwa, mara kifuniko kimewekwa kombo. Mwambie bosi aache kugusa kinachofanya kazi.

Mzungusho
Asanteni. Bi Hesabu, kumbe ndiyo maana programu ya kuchambua vifo ilinipa umbo la Weibull karibu kabisa na 1, yaani kasi ya hatari haipandi wala haishuki. Kwa hiyo tusiguse kitu?

Kutu
Ngoja kwanza kabla hujamwambia bosi chochote. Pampu haifi "kwa ujumla", inafia kwenye kitu fulani. Una rekodi ya kilichoharibika? Ile 1 inaweza kuwa imetokana na mambo mawili yanayofutana.

Mzungusho
Ninayo. Ni ama kadi ya kudhibiti au sili ya shafti. Kadi: 34, 20, 10, 5, 2. Sili: 6, 12, 16, 15, 14.

Kutu
Nilitegemea hivyo. Gawa kila sababu kwa waliokuwepo, walewale 200, 160, 128, 102, 82. Kadi zinatoka asilimia 17, kisha 12.5, karibu 8, karibu 5, mwisho 2.4. Zinashuka kama jiwe. Sili zinatoka 3, kisha 7.5, 12.5, 14.7, hadi 17. Zinapanda. Ukijumlisha unapata 20 bapa kila mahali, na ndiyo iliyowadanganya wewe na programu.

Tiba zake hazifanani. Sili inachakaa, hiyo bosi ana hoja nayo. Kadi hazichakai, mbovu zinajichuja mapema, kwa hiyo ukitoa pampu nzima unatupa kadi iliyokwisha kufaulu mtihani na kuingiza isiyojulikana. Kadi mpya ziwashwe mezani kwa muda zikiwa na mzigo kabla ya kufungwa. Halafu angalia namba za fungu la kiwandani: kama vifo vya kadi vimejazana kwenye fungu moja, hakuna kadi "inayoimarika" kwa umri. Ni kundi dhaifu linakwisha, linabaki zuri.

Bi_Hesabu
Nakubali, nilipaswa kuulizia sababu. Nijaribu hesabu ya sili basi. Chukua pampu 100 zilizofika saa 2000. Zikiachwa, ndani ya saa 2000 zijazo sili zitaua kama 25. Ukizifunga zote sili mpya pampu zikifika saa 2000, sili hizo zitaua kama 10. Kwa hiyo unabadilisha sili 100 ili kuokoa vifo 15. Inalipa ikiwa pampu moja kusimama ghafla kunagharimu zaidi ya mara 7 hivi ya kubadilisha sili moja kwa utaratibu.

Mzungusho
Gharama hiyo nitamuuliza mhasibu. Ila nimerudi kwenye daftari: kati ya zile sili 6 za kipindi cha kwanza, 4 zilivuja kabla ya saa 100.

Dereva_Mstaafu
Nilisema.

Kutu
Mzee kagusa. Hizo 4 hazikuchakaa, zilifungwa vibaya au zilitoka kiwandani na dosari. 4 kati ya 200 ni asilimia 2 kila unapofungua pampu, na tayari imo ndani ya ile 10 ya Bi Hesabu, mradi wa kufunga awe yuleyule. Zile za mwanzo zilifungwa kiwandani au na mafundi wako?

Mzungusho
Kiwandani. Wetu hawajawahi kufungua hata moja.

Bi_Hesabu
Basi ile 10 yangu haina msingi bado. Ukiwapa mafundi wako pampu 20 kwanza, utaona zinazovuja kabla ya saa 100 ni ngapi, ingawa kwa 20 hata 0 haikuambii mengi.

Kisu_Butu
Au asubiri 3000 kama bosi alivyosema, afungue mara chache zaidi?

Kutu
Inawezekana. Fungu la kadi uliangalia?