Naomba ushauri: jalada la kazi na mahojiano ya kurasimisha ujuzi wa ufundi magari VETA

Fundi wa Unga Limited
Wakuu, habari za leo. Nina miaka 11 gereji hapa Arusha, kazi yangu kubwa ni Landkruza za watalii, hasa zenye injini ya 1HZ. Ufundi nimeupata kwa mikono, sijapita chuo. Sasa nimejiandikisha kurasimisha ujuzi kupitia VETA. Nimeambiwa sitaandika mtihani: watapitia jalada la kazi zangu, watanihoji, kisha wataniona nikifanya kazi. Kwenye simu nina picha zaidi ya 300, na kuongea mbele za watu kunanipa shida. Nianzie wapi?

Kijana wa Sakina
Bro, vaa vizuri, beba CV na barua ya mtendaji. Wakikuuliza mshahara unaotaka usitaje wewe kwanza.

Fundi wa Unga Limited
Asante ndugu, ila hii si kazi ninayoomba. Ni cheti.

Baba Neema
Printi picha zote 300. Wakiona mzigo huo watajua kazi unaijua. Na kila picha uonekane wewe mwenyewe.

Mzee wa Spana
Baba Neema, la kuonekana mwenyewe uko sahihi, maana kitu cha kwanza mpimaji anachotaka kujua ni kama kazi ni yako kweli. La picha 300 hapana. Nimekaa na wapimaji mara kadhaa kama fundi mkuu wa gereji. Picha 300 za magari yaliyokwisha kutengenezwa hazimwambii kitu.

Mdogo wangu, chagua kazi tano au sita zisizofanana: breki, klachi, springi, umeme, injini. Kila moja iwe na hadithi kamili. Chukua gasketi ya hedi. Picha ya kwanza ni dashibodi ikionyesha kilomita, ya pili ni dalili uliyoiona. Inafuata hedi ikiwa imefunguliwa, halafu wewe umeweka rula ya chuma juu yake unapima kwa fila geji kama imepinda. Baadaye unafunga bolti kwa spana ya toki, na mwisho gari linawaka. Pembeni weka kadi ya kazi yenye tarehe na vipuri vilivyotumika. Picha uliyotumiwa WhatsApp huwa imepoteza tarehe yake ya ndani, kwa hiyo tafuta ile ya asili kwenye simu iliyopiga.

Kwenye mahojiano hawatakuuliza gasketi ni nini. Watakuuliza, "Ulijuaje ni gasketi na si rejeta?" Hapo fundi wengi hukwama, wanajibu "uzoefu tu". Wewe sema ulichokiona: maji yanapungua na hakuna panapovuja, mpira wa rejeta unakuwa mgumu injini ikiwa bado ya baridi, mapovu yanatoka mfululizo. Akikubana kwamba mapovu yanaweza kuwa hewa iliyobaki baada ya kujaza maji, mkubalie. Kisha mweleze ulitoa hewa kwanza ukaangalia tena, kama kweli ulifanya hivyo.

Swali linalofuata ndilo zito: gasketi iliungua kwa nini? Kama rejeta imeziba au fani haivuti na wewe umebadilisha gasketi tu, gari litarudi. Ukieleza chanzo ulichokikuta, umemwonyesha kuwa unapima kabla ya kufungua.

Mama Pilau, Moshi
Mimi nilirasimisha upishi. Kilichoniangusha mara ya kwanza ni barua. Bosi wa zamani aliandika "ni mchapakazi na mwaminifu", basi. Haikusema nilipika nini wala kwa muda gani. Nilimrudia, akaandika kazi zenyewe na miaka, ikapokelewa.

Fundi wa Unga Limited
Dada, mimi bosi wangu wa miaka sita ya mwanzo hataki hata kupokea simu, tuliachana vibaya.

Mzee wa Spana
Tafuta wateja wenye magari uliyoyashika muda mrefu, waandike gari gani na kazi gani. Kama itatosha kufidia miaka yote sita, hilo waulize VETA kabla ya siku yenyewe. Nimeona mmoja akikubaliwa na mwingine akiambiwa alete zaidi.

Na usalama usiuache. Usifungue kifuniko cha rejeta ya moto, wala usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Siku ya vitendo wanaangalia mikono yako kabla ya injini.

Fundi wa Unga Limited
Mzee shikamoo. Hapa nimekaa na kijana wangu wa gereji, ananiuliza yale maswali ya gasketi mimi namjibu. Swali la chanzo limenishinda kwenye gari moja: nilibadilisha, likaenda, sikuwahi kujua kwa nini liliungua. Hiyo naitoa kwenye jalada, naweka ile ya Machi ambayo fani ilikuwa imekufa.

Baba Neema
Ungeiacha tu, wasingejua.

Mama Pilau, Moshi
Wangejua. Mimi waliniuliza kuhusu sahani niliyoiweka kwa kujaza tu, na ndiyo waliyokaa nayo muda mrefu kuliko zote.