Naomba ushauri: taarifa ya benki kwa viza ya masomo Uingereza

Wakuu, shikamooni. Pesa ya viza inatakiwa ikae siku 28 mfululizo, na taarifa ya benki iishie ndani ya siku 31 kabla ya kulipia maombi mtandaoni. Yangu inaishia 30 Julai. Barua ya chuo imechelewa, nitalipia 4 Septemba: siku 36, imeshapitwa.

Nikichukua mpya kuna balaa jingine. Tarehe 12 Agosti nilitoa laki mbili za kodi, salio likawa chini ya kiwango hadi tarehe 14. Naona hesabu inaanza upya, yaani nisubiri 10 Septemba.

Halafu karani kagonga muhuri ukurasa wa mwisho tu, kati ya sita! Mliopita hapo, mligongewa kila ukurasa au mliambatanisha barua ya benki?