Risiti ya rehani ya dhahabu: gramu hazilingani, nisaidieni

Tumbo_Joto: Wakuu, niliweka rehani kidani. Mizani ya jikoni ilisoma gramu 24, risiti imeandikwa gramu 19.2, karati 14, riba 6% kwa mwezi. Nimepigwa?

Mkunazi: Mizani ya unga hiyo, mkuu. Halafu vito huwa vinatolewa kwenye hesabu. Hujapigwa.

BintiSonara: Taratibu. Mawe mangapi? Kwenye kifungo kumegongwa namba gani?

Tumbo_Joto: Mawe sita mekundu, kama punje za mtama. 750.

BintiSonara: Karati moja ya jiwe ni gramu 0.2. Kukata gramu 4.8 ni kusema mawe yana karati 24, na punje sita za mtama hazifiki hata robo yake. Mizani yako ikosee gramu nzima, bado pengo lipo. Halafu 750 ni karati 18. Kwa gramu hizohizo 19.2, karati 18 ina dhahabu safi gramu 14.4, karati 14 ina 11.2 tu. Kikipotea mikononi mwao, watakulipa kwa hiyo ya pili. Muhuri nao huongopa, kwa hiyo waulize walipima kwa asidi au kwa mashine. Tarehe ya kukomboa?

Babu_Kofia: Mimi bangili za mke wangu zilienda hivihivi mwaka tuliooana. Mpaka leo nikichelewa kurudi anazitaja. Vijana, kopeni kwa ndugu.

Tumbo_Joto: Miezi mitatu. Niliweka tarehe 3 Machi.

BintiSonara: Risiti inasema miezi au siku?

Tumbo_Joto: ...Siku 90.

BintiSonara: Basi mwisho ni 1 Juni, siyo 3. Na leo ni 30 Mei!

Sukari_Guru: Chai hii. Kidani chako, risiti unayo, tarehe huijui?

Tumbo_Joto: Si changu. Ni cha mama mkwe, yuko safarini. Ila nilishaamua, nalipa riba tu na kuongeza muda. Ni nafuu kuliko kukomboa.

Sukari_Guru: Sasa imenoga. Mama mkwe ameingia!

Mkunazi: Kuongeza muda sawa, deni linabaki palepale.

BintiSonara: Linabaki, na riba 18% ya miezi mitatu imeshakwenda. Soma mistari midogo nyuma: wengi huhesabu kipande cha mwezi kuwa mwezi mzima, ukienda tarehe 3 unadaiwa 24%. Ukiongeza muda utapewa risiti mpya. Kabla ya kusaini, kidani kipimwe mbele yako, waandike uzito wote, uzito bila mawe, na karati. La sivyo makosa ya risiti ya kwanza unayasaini mara ya pili.

Tumbo_Joto: Wakikataa kupima?

Babu_Kofia: Mama mkwe anarudi lini?

Tumbo_Joto: Jumapili.