Mrejesho: meseji niliyomtumia baba Jey kuhusu usiku wa mtoto

Niliuliza: mtoto ana miezi 8, anaamka kila saa na halali bila ziwa, nifanyeje na baba yake yuko mbali kikazi?

Nimeanza mpango, hii ndo meseji niliyomtumia:

"Baba Jey, kuanzia leo video kol piga saa 12 jioni sio saa 3, ukipiga saa 3 anachangamka balaa afu mimi ndo nakesha. Saa 1 anaoga, ananyonya taa ikiwa inawaka, ila namtoa ziwani kabla hajasinzia namlaza macho yakiwa wazi, maana alizoea kulala na ziwa mdomoni, akishtuka usiku hajalikuta analia. Akiamka kabla ya saa 6 bibi anampapasa mgongoni, mi natulia chumba cha pili (ye akininusa tu basi). Baada ya hapo nanyonyesha mara mbili, kama saa 7 na saa 10. Akiwa na homa au pampasi zinakaa kavu tunaacha, ananyonya anavyotaka."

Usiku wa kwanza alilia dakika 40 bibi nusura anisaliti, jana ilikuwa 10. Baba mtu kajibu "sawa mama", kesho yake kapiga saa 3.