Daftari la madeni la marehemu baba: niliandike mahakamani au nilichome?

Mtoto wa Duka, Muheza: Baba alikuwa na duka la rejareja. Mahakama ya Mwanzo imeniteua msimamizi wa mirathi. Ameacha daftari la kaunta. Mistari ambayo haijakatwa inafika 1,870,000. Mama anasema nilichome, majirani ndio waliotuzikia. Dada anataka kila shilingi iandikwe. Mdogo wetu ana miaka 11. Nifanyeje?

Msumeno: Choma, kaka. Mtu amekuchimbia kaburi la baba yako, kesho umpelekee deni la sukari kilo moja? Tena deni likishapita miaka sita limekufa kisheria. Nusu ya daftari hilo ni karatasi tu.

Karani Mstaafu: Pole kwa msiba, mwanangu. Kabla hujawasha kiberiti, ligeuze hilo daftari uanze kulisoma kutoka nyuma. Wenye maduka wengi huandika mbele watu wanaodaiwa na duka, na nyuma watu wanaolidai duka: mzigo wa jumla ambao haujalipwa, na fedha ambazo akina mama waliwawekea. Ukilichoma, umechoma na amana za watu.

Tangu ulipoteuliwa una miezi minne ya kurudisha Fomu Na. V, yenye mali zote za marehemu na madeni yake. Anachodai ni mali yake, sawa na shamba. Ugawaji unakuja baadaye, kwenye Fomu Na. VI.

Msumeno kapatia nusu. Miaka sita ni kweli kwa deni la kawaida la mkataba, lakini mdaiwa akilipa hata kidogo, hesabu inaanza upya siku aliyolipa. Kwa hiyo usitazame tarehe aliyokopa tu. Tazama pembeni kama kuna "kapunguza 5,000".

Mama Sabra: Nyie mnamzungumzia anayedai, mimi nilikuwa mdaiwa. Mzee wa duka letu alipofariki, mwanawe alibandika majina mlangoni. Langu lilikuwemo, 62,000, na nilishalipa! Risiti sina, maana yule mzee ukilipa anakata mstari basi, na siku ile alikuwa anapima mchele, akasema atakata baadaye. Mpaka leo sipiti njia ile. Kwa hiyo mwanangu usilibandike popote.

Mtoto wa Duka: Shikamoo mama. Sina nia ya kubandika. Karani, nimegeuza kama ulivyosema. Nyuma kuna "Mama Ashura kaweka 150,000" na mzigo wa sabuni 90,000. Mbele nako kuna majina kama "Fundi baiskeli" na "Mama wa kisimani", na mistari mingine ina alama ya nyota. Mama hajui maana yake.

Karani Mstaafu: Nyota usiitafsiri kwa kubahatisha. Huenda baba alisamehe, huenda alikuwa amechoka kudai. Nenda kwa mmoja mmoja, jioni, ukiwa na mtu mzima wa ukoo. Usimwambie anadaiwa kiasi gani. Muulize yeye anakumbuka nini. Anayekubali aandike kiasi na tarehe, atie saini. Anayekataa, andika kwamba amekataa. Daftari aliloliandika baba peke yake, bila saini ya mdaiwa, ni ushahidi mwembamba, na Mama Sabra amekuonyesha kwa nini. Kwenye orodha tenganisha yaliyokubaliwa na yenye shaka. Mama Ashura mwandike upande wa wanaomdai marehemu. Huyo alipwe kabla ninyi hamjagawana.

Ustadhi wa Pongwe: Nyongeza. Al-Baqara aya ya 280 inahimiza kumpa muda mdaiwa aliyebanwa, na kumwachia kama sadaka ni bora zaidi. Lakini sadaka hutolewa na mwenye mali. Mama, dada na wewe, kila mmoja anaweza kusamehe fungu lake. Fungu la mtoto wa miaka 11 hakuna wa kulisamehe.

Msumeno: Sawa, miaka sita nimekubali. Lakini majina ya maskini kukaa kwenye jalada la mahakama bado ni aibu. Aandike jumla tu.

Karani Mstaafu: Jumla bila majina hakimu ataihoji, na mrithi mwenye kinyongo atasema umeficha.

Msumeno: Acha ahoji. Jirani ni wa kesho pia.

Mtoto wa Duka: Tatizo lenyewe sijalisema. Mstari mkubwa kuliko yote, 380,000, ni wa baba mdogo. Ndiye aliyeongoza kikao cha ukoo kilichonipendekeza, na ndiye mtu mzima ambaye ningezunguka naye.

Mama Sabra: Basi anza na yeye, mbele ya mama yako.

Ustadhi wa Pongwe: Siyo mbele ya mama. Muulize faraghani kwanza, huyo ni baba yako. Akikana, hapo ndipo utafute shahidi. Na wa kuzunguka naye tafuta mwingine asiyemo daftarini.