Dereva anasema kona ndiyo inamtupa, si spidi. Nimwamini?

MamaKileleni (Moshi):
Habari za jioni wanajukwaa. Nina Noah ya abiria, inapiga Himo na Marangu. Kuna kona moja wakati wa kushuka, inakata kulia, gari imeniteleza hapo mara mbili masika haya. Zote mbili ni manyunyu, na zote mbili imeishia kwenye mtaro wa kushoto. Abiria hawakuumia, namshukuru Mungu, ila bampa na taa nimenunua mimi.

Dereva anaapa alikuwa spidi 50 tu. Anasema kidogo chini yake kuna kona nyingine, kali vilevile, anaipita na spidi hiyohiyo kwenye mvua hiyohiyo na gari haitikisiki. Kwa maelezo yake kona ya juu "imelala vibaya". Mwanangu yuko kidato cha sita, naye ananiambia mwalimu wao kafundisha kwamba gari huteleza kwenye kona tambarare, kwenye kona iliyoinuliwa haliwezi kuteleza. Sasa sijui kama wananifariji au ni kweli. Nataka kumkata mshahara huyu kijana, lakini sitaki kumwonea. Naombeni ushauri.

TairiKipara:
Pole dada. Bima yako ni kubwa au ndogo? Kama ni ile ndogo usihangaike, hawakulipi hata wiper. Kama ni kubwa hakikisha una karatasi ya trafiki ya siku ileile.

MamaKileleni:
Asante kaka, ila bima siulizii. Nauliza kama kona yenyewe inaweza kulitupa gari.

KondaMstaafu:
Mama, hiyo ni fizikia ya darasani kabisa. Gari likikata kona kuna kani inalisukuma kwenda nje, ndiyo maana abiria wote wanamlalia wa dirishani. Kona ikiinuliwa upande wa nje inakuwa kama ukuta, gari linagonga pale na kurudi. Dawa yake ni kupakia. Noah tupu ni nyepesi, inapeperuka. Ikijaa inashika lami. Mwambie dereva asishuke na abiria watatu.

MpimaBarabara (Arusha):
KondaMstaafu, nusu uko sawa, nusu nyingine itawaingiza watu mtaroni.

Hakuna kinachosukuma gari kwenda nje. Gari lililo kwenye mwendo linataka kunyooka tu. Ili lizunguke, hata kama mshale wa spidi hausogei, lazima kitu kilivute kuelekea ndani ya kona muda wote, maana uelekeo wake unabadilika kila nukta. Mvuto huo ukipungua, gari halirushwi, linaendelea mbele kunyooka, na kwa kuwa barabara imekata kulia, mbele ndiko uliko mtaro wa kushoto. Abiria anayemlalia mwenzake ni hivyohivyo, mwili wake unanyooka na gari ndilo linalokata chini yake.

Swali ni nani anavuta. Kwenye lami tambarare barabara inalisukuma gari kwenda juu tu, msukumo ule unabeba uzito na hauna mchango wowote kuelekea ndani. Kazi yote inabaki kwa msuguano wa tairi na lami. Lami ikilowa, msuguano unashuka, na huna akiba nyingine. Ukiinua upande wa nje, barabara bado inasukuma kwa pembe mraba na uso wake, lakini uso umeinama, kwa hiyo sehemu ya msukumo inaelekea ndani. Hiyo sehemu haijali mvua wala tairi.

Na kupakia hakusaidii. Gari likiwa zito mara mbili msuguano unaongezeka mara mbili, lakini na mvuto unaotakiwa kulikunja unaongezeka mara mbili. Uzito unajifuta.

MamaKileleni, dereva wako anaweza kuwa anasema kweli. Barabara zetu kwenye sehemu iliyonyooka zina mgongo katikati ili maji yashuke pande zote mbili. Mjenzi akifika kwenye kona anatakiwa auondoe ule mgongo na kulaza barabara yote upande mmoja, kuelekea ndani. Asipofanya hivyo, sisi tunaoendesha kushoto tukikata kulia tunakuwa upande wa nje, na upande huo umeinamia mtaroni. Hiyo ni mbaya kuliko tambarare, maana msukumo wa barabara sasa unasaidia upande usiotakiwa.

Mtume mtu apime asubuhi mapema magari yakiwa machache, mwingine asimame kuyazuia. Achukue ubao ulionyooka wa mita moja na pima maji ya fundi. Aulaze ubao kukatisha njia ya gari lako, ainue ncha iliyo chini mpaka pima maji itulie, kisha apime uwazi chini ya ncha hiyo kwa sentimita na aandike ni ncha ya upande gani. Halafu kamba ya mita 20, ncha zote mbili ziguse ukingo wa ndani wa kona, ivutwe ikaze. Apime katikati ya kamba kuna umbali gani hadi ukingo.

PCM_Kibosho:
Shikamoo mpima. Mimi ndiye mtoto wa mleta uzi, hahaha. Kwenye daftari tuna tan θ = v²/(rg), θ ni pembe ya mwinamo, v ni spidi, r ni nusu kipenyo cha kona, g ni mvutano wa dunia. Hapo msuguano haupo kabisa na gari linapita. Si ndiyo maana mwalimu anasema haliwezi kuteleza?

MpimaBarabara:
Marahaba mwanangu. Angalia fomula yako vizuri, ina v moja tu. Kwa kila mwinamo na kila kona kuna spidi moja ambayo gari linapita hata ukimwaga sabuni. Ukizidi spidi hiyo, kinachobaki kinadaiwa msuguano, na ukidai kupita kiasi utateleza kupanda juu kuelekea nje. Ukienda taratibu mno kwenye utelezi wa kweli, unateleza kushuka ndani. Mwalimu hajakosea, amesema ya spidi ile moja.

Piga hesabu uone. Kona ya nusu kipenyo cha mita 60, gari kilomita 50 kwa saa, yaani mita 13.9 kwa sekunde. Pembe inatoka kama digrii 18, ubao wako wa mita moja ungeonyesha sentimita 33. Lori lenye mzigo uliorundikwa juu likisimama hapo kwa foleni linakaribia kulala, na kwenye matope linateremka lenyewe. Barabara za kawaida huishia sentimita 6 hadi 8 kwa mita. Kwa 6, spidi ya bure kwenye kona hiyo ni kama 21 tu.

BodaUru:
Mimi najazia hapo. Njia yetu ya vumbi kona zimeinuliwa na greda, lakini mvua ya kwanza nimelala chini nikiwa naenda pole kabisa, pikipiki ikateremkia ndani. Sikuwahi kuelewa kwa nini ndani na si nje. Leo nimeelewa.

KondaMstaafu:
Mangi, uzito nimekubali shingo upande. Lakini malori yanayopinduka kwenye kona ni yale yaliyojaa, siyo matupu. Mbona?

MpimaBarabara:
Kupinduka na kuteleza ni vitu viwili. Lori lililojaa juu linapinduka kabla tairi hazijaachia, kwa sababu mzigo uko juu ukilinganisha na upana wa matairi. Kinachoamua hapo ni kimo cha mzigo. Noah mara nyingi huteleza kwanza.

MamaKileleni:
Nimerudi na vipimo. Mwanangu na fundi wamekwenda. Kona ya juu: katikati ya kamba ni sentimita 84. Ubao: upande wa mtaroni ndio uko chini, kwa sentimita 3. Kona ya chini: kamba imetoa karibu hivyohivyo, lakini ubao upande wa mtaroni uko JUU, sentimita 6.

MpimaBarabara:
Basi imekaa wazi. Nusu ya kamba ni mita 10, kipeo chake cha pili ni 100, gawa kwa mara mbili ya 0.84, ongeza nusu ya 0.84. Unapata karibu mita 60. Kona zote mbili ni kali sawa, kinachotofautiana ni mlalo.

Spidi ya mwisho kabla ya kuteleza ni v² = rg(μ + t)/(1 − μt), μ ni kipimo cha msuguano wa tairi na lami, t ni mwinamo, yaani sentimita za ubao gawa kwa 100, chanya ukiinamia ndani, hasi ukiinamia nje. Manyunyu baada ya kiangazi, vumbi na mafuta yakiwa bado juu ya lami, na tairi zilizochoka kidogo, tuweke μ = 0.3. Kona ya juu, t = −0.03, inatoa kama kilomita 45 kwa saa. Ingekuwa tambarare, 48. Kona ya chini, t = 0.06, inatoa 53.

Dereva alikuwa 50. Juu amezidi, chini amebakiwa na akiba ndogo.

Sasa nikukumbushe kwamba 0.3 ni makadirio yangu, sikuwepo. Lami ikiwa imeoshwa na mvua na tairi nzima ingekuwa 0.4 au zaidi, na hata kona ya juu angepita kwa 50, kwa kukaribia. Kwa hiyo angalia tairi zako kabla hujamwangalia yeye. Na muulize swali moja: aligusa breki ndani ya kona? Msuguano ni mfuko mmoja. Ukiutumia kusimamisha gari, wa kukunja kona unapungua, hata kama spidi ilikuwa salama.

MamaKileleni:
Nimempigia. Mara ya kwanza anasema hapana. Mara ya pili boda ilichomoza upande wa ndani, akakanyaga. Tairi za nyuma kweli zimekwisha, hizo ni zangu. Mshahara simkati.

TairiKipara:
Dada, mara ya pili kama kulikuwa na boda, bima inabadilika. Una namba ya hiyo boda?

KondaMstaafu:
Mimi bado namlaumu dereva. Anaijua kona imelala vibaya, ilishamtupa mara moja, halafu anarudi na 50? Ashuke hapo na 35.

PCM_Kibosho:
Mpima, kwa 35 naona μ inayotakiwa ni 0.19 hivi kwenye mwinamo wa −0.03. Ni sahihi?

MpimaBarabara:
Sahihi. Lakini matope ya mashambani yakimwagikia lami, hata hiyo 0.19 inaweza isiwepo. Mama aandike barua kwa wenye barabara, aambatanishe vipimo vya ubao na kamba. Picha ya pima maji iwe karibu, povu lionekane.